Somo: Ukaguzi wa mchanganyiko wa dawa za saikosisi na vipimo vya sukari, uzito na mafuta wodini (someni kabla ya kuja inboksi)

Kila kundi jipya la inteni likiingia wodini, inboksi yangu inajaa ombi lile lile: "Daktari, naomba ile fomu ya ukaguzi." Fomu si tatizo. Ni karatasi moja yenye safu kadhaa, na yeyote mwenye rula anaweza kuichora. Kinachowashinda watu ni kuhesabu dawa na kujua sampuli ipi ya damu ni ya kuaminika. Mimi ni mfamasia wa wodi ya wagonjwa wa akili hapa Nairobi. Naandika mara moja, na atakayeuliza kitu kilichomo humu nitamjibu kwa namba ya hatua tu.

Hatua ya 1. Chagua wodi moja na siku moja. Chukua kila mgonjwa aliyeamkia kitandani siku hiyo na ana angalau dawa moja ya saikosisi. Usichague mafaili "mazuri".

Hatua ya 2. Pata ruhusa ya maandishi ya daktari mkuu wa wodi, sista msimamizi na ofisi ya ubora ya hospitali. Mkifikiria hata kwa mbali kuja kuchapisha, nendeni kwenye kamati ya maadili kabla ya kufungua faili la kwanza. Ruhusa ya kuanzia jana haitolewi.

Hatua ya 3. Andikeni vigezo kabla ya kuona faili lolote. Ukiona mafaili kwanza, utajikuta unalegeza vigezo ili wodi isiaibike. Sisi tunatumia vinne:

A. Mgonjwa awe na dawa moja ya saikosisi. Ya pili inakubalika ikiwa anahamishwa kutoka dawa moja kwenda nyingine, au ikiwa klozapini imejaribiwa vya kutosha na bado haijamletea nafuu ya kutosha. Katika hali zote mbili, sababu iwe imeandikwa kwenye faili, na kwa anayehamishwa iwepo pia tarehe ya kumaliza.

B. Jumla ya dozi za dawa zote za saikosisi isizidi asilimia 100 ya kikomo. Ikizidi, faili lionyeshe sababu, kipimo cha umeme wa moyo, na siku ya kuipitia upya.

C. Uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu vipimwe ndani ya siku 7 tangu kulazwa. Uzito urudiwe kila wiki kwa wiki 6 za kwanza za dawa mpya. Sukari na mafuta virudiwe wiki ya 12.

D. Kipimo kikitoka kibaya, hatua iliyochukuliwa ionekane kwenye faili.

Ratiba ya C na msimamo wa A vinafuata mwongozo wa NICE wa Uingereza, namba CG178 wa mwaka 2014. B inatokana na msimamo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili cha huko huko, CR190, wa mwaka huo huo. Zile siku 7 tumeziweka wenyewe, na tukaandika kwamba ni zetu. Nanyi fanyeni hivyo, ili mwaka ujao mtu asidhani mmezitoa kitabuni.

Hatua ya 4. Hesabu dawa. Hapa someni polepole. Ukaguzi wetu wa kwanza uliharibikia hapa: tulisoma safu ya dawa za kila siku tu, tukajipongeza, kumbe tulikuwa tumehesabu nusu ya wodi.

Dawa ya saikosisi hukaa sehemu tatu, na sehemu moja tu ndiyo iko mbele ya macho yako. Ya kwanza ni safu ya dawa za kila siku kwenye karatasi ya dawa. Ya pili ni safu ya PRN, zile za kupewa ikihitajika, ambayo kwa kawaida iko nyuma ya karatasi. Ya tatu ni sindano ya muda mrefu, na hiyo mara nyingi haiko wodini kabisa. Imeandikwa kwenye kitabu cha sindano cha kliniki ya nje, au kwenye kadi iliyofungwa nailoni ndani ya mkoba wa mama mzazi. Mgonjwa aliyedungwa flufenazini dekanoeti, ile wengi mnaiita Modeketi, bado anayo mwilini kwa wiki kadhaa hata kama karatasi ya wodini inaonyesha olanzapini peke yake. Sheria yetu ni kwamba sindano inahesabiwa ikiwa siku ya ukaguzi bado iko ndani ya muda wake. Aliyepaswa kurudi baada ya wiki 4 na sasa ni wiki ya 7, hatumhesabu, lakini tunaandika pembeni.

Sasa dozi. Kila dawa igawanye kwa kikomo chake, zidisha kwa 100, kisha jumlisha. Vikomo tunavyotumia kwa siku ni haloperidoli 20 mg, olanzapini 20 mg, risperidoni 16 mg na klopromazini 1000 mg. Flufenazini dekanoeti ni 50 mg kwa wiki. Usichanganye siku na wiki.

Tufanye mmoja wa mfano. Mgonjwa namba 07, mwanamume wa miaka 34, siku ya 19 wodini. Safu ya kila siku ina olanzapini 10 mg usiku, nayo ni asilimia 50. Ukigeuza karatasi unakuta haloperidoli sindano 5 mg, hadi mara 3 kwa siku, iliyoandikwa usiku aliopokelewa akiwa anarusha viti. Hiyo ni 15 mg kwa 20, yaani asilimia 75. Kitabu cha sindano kinasema alidungwa flufenazini 50 mg siku 5 kabla ya kulazwa, na hudungwa kila wiki 4. Leo ni siku ya 24, kwa hiyo bado inahesabiwa. 50 mg kwa wiki 4 ni 12.5 mg kwa wiki, yaani asilimia 25.

Aliyesoma mbele ya karatasi tu ataandika "dawa moja, asilimia 50, kigezo kimetimizwa". Ukweli ni dawa tatu na asilimia 150. Ila ngoja kidogo. Ukiangalia saini za manesi, haloperidoli haijaguswa tangu siku ya tatu. Kilichomo mwilini ni dawa mbili na asilimia 75. Ndiyo maana fomu lazima iwe na safu mbili za dozi: iliyoandikwa, na iliyotolewa katika saa 24 zilizopita. Ukiweka moja tu, ama utawasingizia manesi sindano ambazo hawakudunga, ama utaficha ruhusa ambayo nesi wa zamu ya usiku, akiwa peke yake na mgonjwa mkali, anaweza kuitumia yote hadi asubuhi.

Tahadhari tatu. Asilimia 100 kamili si dozi kubwa. Dozi kubwa ni inayozidi 100. Dawa mbili za asilimia 30 kila moja hazivunji kigezo B, lakini zinavunja A, kwa hiyo usiache kuhesabu idadi kwa sababu jumla ni ndogo. Na kwetiapini ya 25 mg "ya usingizi" ni dawa ya saikosisi. Hesabu.

Hatua ya 5. Kusanya vipimo. Andika namba yenyewe, tarehe na saa. Alama ya vema haitoshi, na sababu ni chai.

Kwenye wodi nyingi chai inapita saa moja asubuhi, ya maziwa na sukari yake, pamoja na mkate. Mtu wa maabara anafika saa nne. Kwenye fomu ya maabara kuna kisanduku cha "hajala", na kimetiwa alama kwa mazoea. Yule namba 07 ana sukari 6.8 ya saa nne na robo. Ukiiamini kama ya kufunga, umempa dalili ya kuelekea kisukari. Ukiihesabu kama ya baada ya chai, haina neno. Alipopimwa upya saa kumi na mbili asubuhi kabla ya chai, ilikuwa 5.4. Kumbuka mipaka: ya kufunga ikifika 7.0 mmol/L ni kiwango cha kisukari, na kama mgonjwa hana dalili lazima irudiwe siku nyingine kabla ya kumpa jina hilo. Ya wakati wowote inataka 11.1 pamoja na dalili. Kwa hiyo fomu iwe na safu ya saa ya sampuli, na yoyote ya baada ya saa moja isihesabiwe kuwa ya kufunga hata kisanduku kiseme nini.

Uzito nao usiishie "umepimwa". Namba 07 aliingia na kilo 68, siku ya 15 akawa na kilo 72.5. Zimeongezeka kilo 4.5, karibu asilimia 7 ya uzito aliokuja nao. Makubaliano ya Marekani ya mwaka 2004, ya vyama vya kisukari na vya madaktari wa akili, yanasema kuanzia asilimia 5 fikiria kubadilisha dawa. Kwenye faili lake namba zote mbili zipo, zimeandikwa vizuri kabisa, na hakuna aliyesema lolote. Anapita C, anaanguka D. Msipoweka D, wodi itapata alama nzuri kwa kutazama watu wakinenepa.

Hatua ya 6. Ingiza kwenye Excel. Safu A ni namba ya siri ya mgonjwa, C ni idadi ya dawa ukijumlisha PRN na sindano, E ni sukari. Kwenye E andika N kwa imepimwa, H kwa haikupimwa, K kwa mgonjwa alikataa na imeandikwa, X kwa bado hajafikisha siku 7.

Wenye dawa mbili au zaidi:

```
=COUNTIF(C2:C31,">=2")/COUNTA(A2:A31)
```

Waliopimwa sukari, bila kuwaonea waliolazwa juzi:

```
=COUNTIF(E2:E31,"N")/(COUNTA(E2:E31)-COUNTIF(E2:E31,"X"))
```

Waliokataa wabaki kwenye hesabu ya chini, na uwataje pembeni. Ukiwatoa, kesho utashangaa jinsi idadi ya "waliokataa" inavyopanda.

Hatua ya 7. Soma matokeo, tafuta kinachosababisha. Hizi ni namba za mfano, msizinukuu popote. Wodi ina wagonjwa 30. Ukihesabu safu ya kila siku tu, 6 wana dawa mbili au zaidi. Ukiongeza sindano, 10. Ukiongeza PRN, 17. Kati ya hao 17, watatu tu wana sababu inayokubalika na imeandikwa inavyotakiwa. Kwa hiyo waliotimiza kigezo A ni 13 wenye dawa moja na hao 3, jumla 16 kati ya 30, yaani asilimia 53. Upande wa sukari, wanne wana chini ya siku 7, wamebaki 26, na waliopimwa ni 11. Kati ya hao 11, waliopimwa kabla ya chai ni 6. Kiuno: 2.

Namba hizo zinakuonyesha pa kushika. Kutoka 10 kwenda 17 ni PRN peke yake. Ukitazama tarehe unakuta karibu zote ziliandikwa usiku wa kupokelewa na hazikufutwa. Basi dawa ya tatizo si semina kuhusu madhara ya kuchanganya. Ni kalamu: PRN ya saikosisi iishe yenyewe baada ya saa 72, anayeitaka aiandike upya. Kwa sukari, sampuli ihamie saa kumi na mbili asubuhi, itolewe na zamu ya usiku kabla ya kukabidhi. Kwa kiuno, nunua utepe. Hakukuwa na utepe wodini. Ndiyo hiyo tu.

Badilisha vitu viwili au vitatu, kila kimoja kiwe na jina la mtu na tarehe. Mapendekezo 14 yakiandikwa, hakuna litakalofanyika.

Hatua ya 8. Rudia. Baada ya miezi 3 hadi 6, fomu ile ile, vikomo vile vile, sheria ile ile ya sindano. Wagonjwa watakuwa wengine, hilo si kasoro, kwa sababu unakagua utendaji wa wodi na si watu. Andika juu ya fomu dawa au vitendanishi vilivyokuwa vimeisha mwezi huo. Risperidoni ikikosekana stoo, watu huongezewa kilichopo, na utalaumu maandishi ya madaktari kwa kosa la rafu tupu.

Haya, maswali.

---

MsomiWaMwisho: Asante daktari, somo zuri sana. Naomba fomu.

Mwandishi: Hatua ya 3, 4 na 5. Chora.

InteniMgeni: Daktari nisaidie, huyu ana dawa ngapi? Nimeweka picha ya karatasi yake hapo chini.

Mwandishi: Futa picha hiyo sasa hivi, kisha ndio tuongee. Jina lake, namba ya hospitali na wodi vinasomeka. Taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kundi hili lina watu ambao hata mimi siwajui. Kwenye ukaguzi unatumia 01, 02, 03, na orodha inayounganisha namba na majina inafungiwa kwenye kabati la sista msimamizi. Haiingii kwenye simu.

InteniMgeni: Samahani daktari, nimefuta. Alikuwa na haloperidoli, promethazini na benzeksoli. Mimi nimehesabu tatu.

Mwandishi: Sawa, umefanya vizuri kufuta. Ni moja. Promethazini inatumika hapo kutuliza na kuleta usingizi, na benzeksoli ni ya kuzuia kukakamaa kunakoletwa na haloperidoli. Zote mbili haziingii kwenye hesabu. Tengeneza orodha ya dawa zinazohesabiwa na uigandishe nyuma ya fomu, ili wakusanyaji wawili wasitoke na majibu mawili.

SistaZamuYaUsiku: Daktari, hiyo ya sampuli saa kumi na mbili asubuhi imeandikwa kwa kalamu rahisi sana. Saa hiyo tuko wawili, tunaogesha, tunatoa dawa, tunaandika ripoti. Wagonjwa 26 nani atawatoa damu?

Mwandishi: Sista, uko sahihi, na nilipaswa kufafanua. Si wote 26 asubuhi moja. Wanaolazwa wanatofautiana siku, kwa hiyo kwa wodi kama hiyo ni wawili watatu kwa asubuhi, siku mbili kwa wiki. Sisi tulichagua Jumanne na Ijumaa. Majina yanaandikwa ubaoni jioni ili mtu wa chai aruke vitanda hivyo hadi damu itoke. Kama hata hivyo haiwezekani, omba badala yake HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, ambacho hakijali chai. Kinadanganya kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu, na bei yake iko juu, lakini ni bora kuliko sukari ya saa nne iliyoandikwa "hajala". Wewe kwenu mnafanyaje?

SistaZamuYaUsiku: Mtu wa chai hasomi ubao. Tunafunga kitambaa cha bluu kwenye chuma cha kitanda. Kitambaa kikiwepo, hakuna chai. Kikitolewa, apewe.

Mwandishi: Hiyo ni nzuri kuliko yangu, naichukua. Ila hakikisheni chai inawekwa akiba. Mgonjwa aliyenyimwa chai na kusahauliwa hatakubali sindano wiki ijayo, na atakuwa na haki.

KlinikoThika: Kitabu changu kinasema kikomo cha haloperidoli ya kumeza ni 30 mg. Wewe umetoa wapi 20?

Mwandishi: Kitabu chako ni toleo la zamani. BNF, kitabu cha dawa cha Uingereza tunakotoa vikomo, kilikuwa na 30, ikashushwa hadi 20. Na tofauti si ndogo: 15 mg ni asilimia 50 kwa kitabu chako na 75 kwa changu. Andika toleo na mwaka juu ya fomu, na duru ya pili usitumie kingine. Nimewahi kuona ripoti ambayo "dozi kubwa" ilipungua kwa sababu mkusanyaji wa pili alibeba kitabu cha kakake.

MfamasiaKijana: Daktari, kwa nini usitumie jedwali la kulinganisha na klopromazini? Tulifundishwa hivyo chuoni.

Mwandishi: Swali zuri. Hayo ni mambo mawili tofauti. Jedwali la klopromazini linauliza nguvu: kiasi gani cha dawa hii kinafanya kazi sawa na 100 mg ya klopromazini. Asilimia inauliza umekaribia kiasi gani mpaka wa dozi iliyoidhinishwa. Kwa kumhamisha mgonjwa kutoka dawa moja kwenda nyingine, jedwali linakusaidia. Kwa ukaguzi, lina kero mbili. Majedwali hayakubaliani: kwa haloperidoli utakuta 2 mg kwenye moja na 1.5 mg kwenye lingine, na kwa anayetumia 15 mg hiyo ni 750 dhidi ya 1000. Pili, vikomo vya dawa havikuwekwa kwa mantiki moja. Risperidoni 16 mg imeidhinishwa, lakini wachache wetu tungeiandika, kwa hiyo mtu wa 8 mg anaonekana ana asilimia 50 tu huku mwili umekakamaa. Asilimia ina udhaifu huo na lazima ukubali. Haikuambii kama mgonjwa yuko salama. Inakuambia kama wodi inafuata ilichokubali. Ukipenda weka vyote viwili kwa safu tofauti, ila kigezo kiwe kimoja.

MfamasiaKijana: Nimeelewa. Na lorazepamu?

Mwandishi: Si ya saikosisi, haihesabiwi. Lakini ukiona wodi imepunguza haloperidoli ya PRN, angalia kama lorazepamu haijapanda mara mbili. Tatizo linaweza kuhama safu tu.

DaktariMwandamizi: Ninyi wa famasia mnakaa na kalkuleta. Mgonjwa amevunja mkono wa nesi saa nane usiku, unataka nimwandikie sababu na tarehe ya mwisho?

Mwandishi: Saa nane usiku, hapana. Mdunge. Kigezo hakimkatazi mtu kutuliza mgonjwa. Kinauliza kwa nini dawa ya usiku ule bado iko kwenye karatasi siku ya 19, mgonjwa akiwa anacheza drafti. Saa 72 zinaanza baada ya dharura, na kuandika upya ni saini moja kwenye raundi. Na hao manesi unaowataja ndio walioniomba PRN ziwe na mwisho, kwa sababu karatasi isiyofutwa inawaachia uamuzi ambao si wao.

DaktariMwandamizi: Saini moja kwa wagonjwa 40 si saini moja. Lakini sawa, la siku ya 19 nakubali. Je, anayekataa kabisa kutulia kwa dawa moja?

Mwandishi: Huyo ndiye wa kuzungumzwa hasa, mkuu. Swali la kwanza ni kama hiyo dawa moja alipewa dozi ya kutosha kwa wiki za kutosha, na kama aliimeza kweli au aliificha shavuni. Dawa mbili zikiwa zimeshindwa kwa haki, kinachofuata ni klozapini, si kumrundikia ya tatu. Najua klozapini inataka hesabu ya chembe nyeupe kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo na si kila familia inamudu. Ikiwa sababu ni hiyo, iandikwe hivyo hivyo: "klozapini ilifaa, familia haikumudu vipimo." Faili la namna hiyo linaanguka kigezo A, na linapaswa kuanguka. Likikusanyika na mengine kumi, una kitu cha kupeleka kwa uongozi.

NesiWaKayole: Hapo kwa pesa sasa. Kipimo cha mafuta familia ndiyo inalipa. Tukiambiwa tupime wote, tutashindwa kigezo kila mwaka. Tukiondoe?

Mwandishi: Msikiondoe. Ongezeni alama ya tano kwenye safu: P, haikulipiwa. Mkiondoa kigezo, mwaka ujao hakuna atakayejua kipimo kilikuwa kinahitajika. Lakini kwa mgonjwa aliye mbele yako, pesa ikiwa kidogo, mpangilio wangu ni uzito, kiuno na presha, ambavyo ni bure, kisha sukari, mafuta yawe mwisho. Mizani mithibitishe kwa kitu cha uzito unaojulikana. Sisi tunatumia katoni ya maji ya dripu.

NesiWaKayole: Kiuno tunapimia kitovuni, si ndiyo?

Mwandishi: Hapana, na kwa mwenye kitambi kitovu hushuka, kwa hiyo kila mwezi utakuwa unapima mahali tofauti. Tafuta kwa kidole mwisho wa mbavu na juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati yake, mgonjwa amesimama na ametoa pumzi ya kawaida. Utepe usibane. Mipaka ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kwetu Afrika kusini ya Sahara limesema tutumie za Wazungu hadi zetu zipatikane, kwa hiyo zichukue kama ishara, usizichukue kama hukumu.

InteniMgeni: Daktari, duru ya pili yetu tumetoka 11 kati ya 26 hadi 13 kati ya 27. Tuandike kwamba huduma imeboreka?

Mwandishi: Umetumia namba zangu za mfano au ni zenu kweli? Hata hivyo: ni asilimia 42 kwenda 48, na wagonjwa wawili tu ndio tofauti. Mmoja akilazwa siku tofauti, imepotea. Andika "haijabadilika", kisha uliza kama lile badiliko mlilolipanga lilifanyika kweli.

InteniMgeni: Ni zetu, tumegongana tu. Badiliko lilikuwa "kuwahamasisha wahudumu".

Mwandishi: Basi hakuna kilichobadilika cha kupima. Rudi hatua ya 7, chukua fomu za wale 14 ambao hawakupimwa, na uangalie siku walizolazwa. Wakiwa wengi ni wa Ijumaa jioni na wikendi, tatizo liko kwenye fomu ya maabara inayosubiri Jumatatu. Njoo uniambie ulichokuta.

InteniMgeni: Tisa kati ya 14 ni wa Ijumaa hadi Jumapili.

Mwandishi: Haya. Fomu ya maabara ijazwe na anayempokea mgonjwa, iambatishwe kwenye karatasi ya dawa usiku huo huo, na sampuli itoke Jumanne bila kusubiri raundi. Weka jina la mtu na tarehe, rudieni baada ya miezi mitatu.